Daraja A si bei ya kipande kimoja

"Nimegawa bidhaa za ghalani madaraja A, B na C ya kuhesabiwa, na zote za bei ghali nimeziweka daraja A ili zihesabiwe kila mwezi. Niko sawa?"

Hapana ndugu, bei peke yake inapotosha. Zidisha bei ya kununulia kwa idadi iliyotoka ghalani mwaka mzima. Pampu ya 900,000 inayotoka mara 2 ni 1,800,000. Bolti ya 500 zikitoka 20,000 ni 10,000,000. Bolti ndiyo inayostahili kuhesabiwa mara nyingi zaidi.

Panga kuanzia thamani kubwa, ujumlishe ukishuka. Hadi karibu asilimia 80 ya jumla yote ni A. Hadi 95 ni B, kila robo mwaka. Zilizobaki C, mara moja kwa mwaka. Ila kipuri cha C ambacho kikikosekana mtambo unasimama, mimi hukihesabu pamoja na A.