Kwenye egemeo la kawaida, mwinamo si sifuri

Juzi mwanafunzi wa mwaka wa pili ameniandikia: "Kaka, boriti yangu inanepa moja ya tano tu ya jibu la kitabu. Nimekosea wapi?" Nililijua kosa kabla sijafungua picha ya daftari lake. Ndilo lililoninyima alama kwenye testi yangu ya kwanza ya mekanika. Mwalimu alirudisha karatasi na mstari mwekundu, bila neno. Bado inaniuma, maana neno moja lingetosha.

Mlinganyo wenyewe ni EI y'''' = w: w ni mzigo kwa kila kipimo cha urefu, uliosambaa sawasawa, EI ni ugumu wa boriti dhidi ya kupinda, L ni urefu wake, na y ni mnepo ukipimwa kwenda chini. Ukiuintigreti mara nne unapata:

y = wx⁴/(24EI) + Ax³ + Bx² + Cx + D

Konstanti ni nne, hivyo kila ncha inakupa masharti mawili. Ncha iliyokazwa ukutani haishuki wala haigeuki: y = 0 na y' = 0. Ncha iliyoegeshwa tu haishuki, lakini iko huru kugeuka. Isichoweza kubeba ni momenti, na momenti inaendana na y''. Kwa hiyo masharti yake ni y = 0 na y'' = 0. Mimi niliweka mwinamo sifuri, yaani y' = 0, ncha zote mbili. Bila kujua nikawa nimetatua boriti iliyokazwa pande zote, ambayo katikati inanepa wL⁴/(384EI). Iliyoegeshwa pande zote inanepa 5wL⁴/(384EI). Ile moja ya tano inatoka hapo.

Tangu siku hiyo nachora ncha kwanza na kujiuliza: hii inaweza kugeuka? Nawe fanya hivyo kabla ya kugusa intigreti.

Swali lililonirudishia heshima kwenye mtihani wa mwisho lilikuwa la boriti iliyokazwa kushoto na kuegeshwa kulia. Weka x = 0 kwenye ncha iliyokazwa, si ile nyingine, kwa sababu hapo C na D zinakuwa sifuri papo hapo. Zinabaki mbili. Kwenye x = L, y'' = 0 inatoa:

wL²/(2EI) + 6AL + 2B = 0

Nayo y = 0 inatoa:

wL⁴/(24EI) + AL³ + BL² = 0

Pata B kutoka mlinganyo wa kwanza, uiingize kwenye wa pili, utapata A = −5wL/(48EI), kisha B = wL²/(16EI). Angalia alama ya kutoa; wengi huipoteza hapa.

Usikabidhi karatasi bado. Tafuta y''' kwenye ncha zote mbili, uzidishe kwa EI, usome ukubwa wake: ukuta unabeba 5wL/8, egemeo 3wL/8. Jumla ni wL, mzigo wote. Isipofika hapo, rudi kwenye masharti ya ncha, usihangaike na intigreti.