Kagongwa kichwa, arudi lini?

"Beki wetu aligongana vichwa Jumapili hapa Dodoma, leo anasema yuko fiti. Aanze mazoezi?"

Kocha, neno lake pekee halitoshi. Siku moja au mbili za mwanzo atembeetembee tu. Kisha mbio nyepesi, halafu mpira bila kugusana, kila hatua angalau saa 24. Kichwa kikianza kuuma zaidi, mrudishe hatua moja nyuma. Kukabana na kupiga vichwa ni mpaka daktari aruhusu. Akitapika au akisinzia ovyo, hospitali mara moja.

Kijana wetu mmoja aligongwa kichwa, akauliza matokeo mara tatu ndani ya dakika tano, tukamwacha acheze. Kosa letu; ilikuwa dalili ya ubongo kutikisika, tungemtoa. Tangu Julai 2024 sheria za soka zinaruhusu mashindano kuongeza nafasi moja ya kubadilisha mchezaji anayeshukiwa kutikisika ubongo. Wapinzani nao huongezewa, na aliyetoka harudi. Soma kanuni za ligi yenu kama wameikubali.