Maswali na majibu: vitufe vya pembeni vya kipanya

Nina Logitech G502 HERO. Kwenye Dota 2 vitufe vya pembeni nimevipa Z na X, vinafanya kazi. Kwenye Counter-Strike 2 nikavipa bomu la flashi na la moshi, ila nikiingia mechi vinagoma. Profaili nimetengeneza vizuri kabisa. – Mwanachuo, Nyegezi

Profaili yenyewe sina shaka nayo. Shaka yangu ni faili uliloifungia. Wengi wanaoniandikia kuhusu jambo hili huwa wamechagua `steam.exe`, kwa kuwa gemu wanalifungulia Steam. G HUB, programu ya Logitech ya kupangia kipanya, hubadilisha profaili kwa kuangalia programu iliyo mbele kwenye skrini, na mechi ikianza iliyo mbele ni `cs2.exe`. Steam iko nyuma, kwa hiyo profaili yako haiitwi kamwe.

Fungua gemu, rudi kwenye dawati kwa Alt+Tab, fungua Task Manager, bofya gemu kwa kitufe cha kulia na uchague Open file location. Utafika hapa:

```
steamapps\common\Counter-Strike Global Offensive\game\bin\win64\cs2.exe
```

Jina la zamani la folda lisikutishe, halikubadilishwa gemu lilipobadilika. Ongeza faili hilo kwenye G HUB kama programu mpya. Kwenye profaili yake kitufe cha mbele kipe namba 7 na cha nyuma namba 8, kwa sababu gemu lenyewe, kama hujaligusa, linaita flashi kwa 7 na moshi kwa 8. Profaili ya Dota ibaki na Z na X, ifungwe kwa `dota2.exe`. Ile ya Desktop iachie Forward na Back.

Sasa pima. Ukiwa umetoka kwenye gemu, fungua Notepad na ubonyeze kitufe cha mbele. Kikiandika 7, profaili ya gemu imeng'ang'ania, na mara nyingi ni kwa sababu uliiweka iwe ya kudumu, Persistent Profile. Itoe. Kisipoandika chochote kwenye Notepad, lakini ndani ya mechi flashi ikaja mkononi, umemaliza.

Maus yangu vitufe vya pembeni havifanyi kazi, nisaidie haraka. – Igoma

Kipanya gani, gemu gani, programu gani? Barua za namna hii ninazo nyingi na hakuna hata moja ninayoweza kuijibu.

Nachezea kwenye kafe ya kulipia kwa saa pale Kirumba. Kila nikirudi kesho yake nakuta mipangilio yangu imefutika, na kipanya ni changu mwenyewe. – Pasiansi

Kipanya ni chako, ila mipangilio uliiacha kwenye kompyuta ya watu. Kompyuta nyingi za kafe hurudishwa zilivyokuwa kila zinapowashwa upya, na umeme ukikatika katikati ya mchezo ni hivyo hivyo.

Kama kipanya chako kina kumbukumbu ya ndani, kipangie ukiwa nyumbani, kisha uwashe Onboard Memory Mode. Hapo kinabeba mipangilio popote unapokichomeka, hata pasipo G HUB. Lakini elewa unachopoteza: kipanya chenyewe hakijui gemu gani limefunguliwa, hivyo profaili hazibadiliki zenyewe tena. G502 HERO inabeba 5, na unazipitia kwa kitufe ulichokipa kazi ya Profile Cycle. Vipanya vingine vinabeba moja tu. Uliza kabla ya kutoa hela, maana muuzaji atakusifia taa na idadi ya vitufe, la kumbukumbu hatalitaja.

Kipanya cha bei nafuu kisicho na programu, inawezekana? – Sengerema

Inawezekana. Windows huvitambua vitufe hivyo kama cha 4 na cha 5, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya gemu na uvipe kazi humo humo. Kila gemu litatunza ya kwake. Kwa gemu lisilovikubali, X-Mouse Button Control ni ya bure na inatenganisha profaili kwa kila programu. Ipakue kwa mtengenezaji wake, usikubali faili la flashi ya rafiki.

Nataka kitufe kimoja kiruke na kurusha bomu kwa pamoja kwenye CS2. – Musoma

Acha. Agosti 2024 Valve walizima mipangilio ya ndani ya gemu inayounganisha zaidi ya tendo moja la kutembea au kushambulia, na wakaanza kuwatoa kwenye mechi wanaobainika kutumia kifaa kinachowafanyia hatua zenyewe. Kuhamishia makro kwenye kipanya si njia ya kupenya. Kubonyeza mara moja kwa tendo moja hakuna anayekukataza, na vitufe vya pembeni vinatosha kwa hilo.

Kile kitufe kilicho nyuma tu ya gurudumu nacho naweza kukipa kazi? – Bukoba

Kwenye vipanya vingi vyenye programu, ndiyo. Ila kwa kawaida ndicho kinachobadili DPI, kwa hiyo chagua kwanza kasi moja utakayobaki nayo.