Chumba cha Bibi Usiku: Kuujenga Ukimya Ndani ya Katuni

Anayepiga video katika chumba halisi huondoka na sauti ya chumba hicho hata asipoitaka, lakini katuni huzaliwa bubu. Msanii asipoweka chochote, sauti huwa sifuri kamili, na mtazamaji wa simu hudhani imekatika, akaanza kubonyeza kitufe cha kuongeza sauti. Mimi hutengeneza sauti za katuni fupi hapa Kigoma, na nitaeleza nilivyoujenga ukimya wa onyesho moja la dakika mbili na nusu: bibi ameketi kitandani usiku, Ujiji, anasoma barua, hasemi neno.

Chumba kilichochorwa kina godoro, mkeka na paa la bati lisilo na dari. Nilitafuta chumba cha namna hiyo hiyo, kwa sababu godoro na nguo hunyonya mwangwi, ilhali chumba kitupu chenye sakafu ya saruji kingesikika kama nyumba nyingine kabisa. Friji na feni vilizimwa, kinasa sauti kikawekwa juu ya khanga iliyokunjwa ili mtetemo wa meza usikifikie, nami nikatoka nikakiacha kirekodi dakika tano. Anayetumia simu achague programu inayohifadhi faili la WAV na inayoruhusu kuzima urekebishaji wa sauti wa kiotomatiki; bila hivyo simu hujiongezea usikivu kila panapotulia na kuupunguza kila kitu kinapopita, na ukimya wako utapanda na kushuka kama mtu anayehema.

Sauti ya nje niliirekodi peke yake, dirishani, saa tano usiku. Hapo ndipo uamuzi mwingi ulipo. Bati lililochomwa na jua mchana kutwa hualika linapopoa, lakini hilo hutokea jioni. Saa ya ukutani ikionyesha usiku wa manane, mwaliko huo ni uongo, nami niliuacha. Mlio wa mbali wa injini za boti za wavuvi wa dagaa unafaa, ila wavuvi hao huvua kwa taa na hutegemea giza, kwa hiyo mchoraji akiweka mwezi mpevu dirishani, boti ziondolewe. Vyura ni wa masika. Watazamaji wa mwambao wa ziwa hili huyajua mambo hayo bila kufundishwa.

Ili sauti ya nje ikae nyuma ya ukuta, nilitumia Low-Pass Filter ya programu ya Audacity, kichujio kinachopunguza sauti nyembamba za juu, kwenye hezi 2,000, mteremko wa desibeli 6 kwa oktavu. Mteremko mkali zaidi ungewafuta nyenje kabisa, kwa kuwa mlio wao uko juu ya hapo, na nyumba isiyo na dari huwa na uwazi kati ya ukuta na paa ambao nyenje hupenya kwa urahisi. Kichujio kipole huwasogeza mbali tu.

Kisha yakaja marudio. Baada ya kuondoa mbwa na pikipiki, vipande safi vilivyobaki vilikuwa vifupi kuliko onyesho, na sikio hugundua haraka sana kitu kinachojirudia, hasa mlio mmoja unaojitokeza kuliko mingine. Nilikata kipande cha ndani cha sekunde 49, nikakigawa katikati, nusu ya pili nikaitanguliza, na kwenye maungio nikazipishanisha nusu hizo kwa sekunde 2, moja ikififia huku nyingine ikipanda. Zikabaki sekunde 47 ambazo mwisho wake na mwanzo wake zilirekodiwa zikifuatana, hivyo kurudia hakuna mshono. Cha nje nikakifanya sekunde 71. Kwa kuwa urefu haulingani, mchanganyiko wa viwili hivyo haujirudii mpaka sekunde 3,337 zipite, yaani zaidi ya dakika 55.

Picha ilipohama kutoka chumba kizima hadi uso wa bibi, sikubadilisha chochote. Tandiko la sauti, yaani ukimya huu wa ndani na nje uliotandazwa chini ya onyesho, hufuata mahali, halifuati kila mkato wa picha. Badiliko lilikuwa moja tu. Kabla mgeni hajabisha hodi, nyenje wa karibu wananyamaza, kama wanyamazavyo kweli mtu akiwakaribia, wakabaki wa mbali. Kwa hilo niliwarekodi nyenje wa karibu katika njia yao ya sauti, peke yao, nikaifunga kwa sekunde moja hivi kabla ya hodi.

Kuhusu kiwango, naanzia wastani wa desibeli 45 hadi 50 chini ya ukomo wa juu wa dijitali, kisha nazima tandiko ghafla katikati ya onyesho: likisikika likiwepo, nalishusha, kutoweka kwake kusipotambulika, nalipandisha. Kipimo hicho nakirudia kwenye spika ya simu ya kawaida, kwa sababu spika hizo hazitoi sauti nzito za chini. Mvumo wa injini uliopendeza kwenye hedifoni ulipotea wote, ikabidi niongeze kidogo sauti za kati, kuzunguka hezi 400, ndipo boti zikarudi ziwani.