Kuchagua picha rejea zinazobeba mwonekano wa chapa

Wengi wanaoanza kutengeneza picha za chapa kwa akili unde hurundika sifa katika agizo: mwanga laini, rangi za udongo, hali ya utulivu. Maneno hayo ni mapana mno, na kila picha mpya huyatafsiri kwa namna yake, hivyo baada ya wiki chache ukurasa wa mteja huonekana kama umetengenezwa na watu tofauti. Picha rejea, yaani picha unazoupa mfumo kama mfano wa kufuata, hupunguza tatizo hilo, mradi uelewe kila moja inaombwa kufanya nini. Nitaeleza kwa kutumia Midjourney, mfumo wa kutengeneza picha kwa maneno, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea zaidi.

Kuna njia mbili za kutumia picha rejea ambazo wageni huzichanganya. Picha ikiwekwa mwanzoni mwa agizo hutoa pia vitu vilivyomo na mpangilio wake, na nguvu yake hurekebishwa kwa `--iw`. Picha ikiwekwa baada ya `--sref` inakusudiwa kutoa mtindo pekee, yaani rangi, mwanga na umbile la uso wa picha, na nguvu yake hurekebishwa kwa `--sw`, kuanzia 0 hadi 1000. Usipoandika chochote huwa 100. Kwa mwonekano wa chapa, anza na hii ya pili.

Hata hivyo, mfumo hauwezi kutenganisha kikamilifu mtindo na vitu vilivyomo, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chukua mfano wa mfungashaji mdogo wa kahawa mjini Moshi, anayetaka mwanga wa asubuhi unaotoka ubavuni, rangi ya kahawia iliyokolea pamoja na nyekundu ya udongo, na nafasi kubwa tupu ya kuwekea maandishi. Anakupa picha tatu nzuri, lakini zote zinaonyesha kikombe cheupe juu ya meza ya mbao. Ukiomba picha ya shamba la kahawa, utaona mistari ya mbao ardhini na kitu cheupe cha mviringo kati ya mibuni. Kuongeza maneno ya kukataza kikombe hakuondoi chanzo, kwa sababu kikombe ni sehemu ya kile kinachojirudia katika rejea zako.

Tiba ni kubadilisha rejea zenyewe. Tafuta picha tatu zenye mwanga na rangi zilezile lakini vitu mbalimbali: kikapu cha buni mbivu, mkono wa mzee, ukuta wa nyumba ya udongo. Kinachobaki cha pamoja kati yake ndicho chapa. Ninapendelea picha ambazo mteja mwenyewe alizipiga au kuzilipia, kwa sababu kukopa mtindo wa mpigapicha aliye hai ili kuuza bidhaa si haki kwake.

```
coffee farm on a hillside, woman picking cherries --sref URL1 URL2 URL3 --sw 200 --seed 41
```

Tazama kwamba maneno ya agizo yanataja tu kilichopo kwenye picha. Ukiongeza neno kama `vibrant`, unaziamuru rangi ziwake huku rejea zikizivuta zipoe, na matokeo yatayumba. Acha mtindo ubebwe na rejea.

Kisha pima nguvu. Rudia agizo hilohilo, na namba ileile ya `--seed`, inayoufanya mfumo uanzie mahali pamoja kila mara, kwa `--sw` ya 50, 100, 200 na 400, bila kugusa kingine chochote. Nguvu ikiwa ndogo mno, rangi zitarudi kuwa za kawaida. Ikiwa kubwa mno, mfumo utaanza kupuuza maneno, kwa mfano utaomba mvua na bado ukapewa jua la asubuhi. Ukipata kiwango kinachoridhisha, kijaribu kwa mambo yaliyo mbalimbali, kama vile uso wa mtu, paketi mezani na mandhari ya mlima, kisha ziweke picha hizo pamoja bila nembo na umwombe mtu asiyeijua kazi aseme kama zimetoka mahali pamoja. Rejea inayofaulu kwa paketi mezani na kushindwa kwa uso wa mtu bado haijakomaa.

Usitarajie rangi kamili ya chapa kutoka kwenye rejea. Ikiwa nyekundu ya mteja ni `#8C3B2A`, utapata jamaa zake tu, na itakubidi uirekebishe katika programu ya kuhariri picha. Nembo na maandishi ya paketi pia viwekwe huko, kutoka kwenye faili halisi la mteja.

Hifadhi picha rejea zenyewe pamoja na agizo, thamani ya `--sw` na toleo la mfumo, kwa kuwa rejea zilezile zinaweza kutoa mwonekano mwingine toleo linapobadilika. Toleo jipya likija, rudia jaribio la mtu, paketi na mlima kabla ya kulitumia kwa kazi ya mteja.