Menyu ya spa: nani asifungwe mwani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Hoteli moja ya huku kaskazini Unguja imenipa menyu ya spa niitafsiri kutoka Kiingereza. Maelezo ya singo na masaji yamenitoka vizuri, ila nimekwama kwenye tahadhari za afya. Mfano, chini ya huduma ya kufungwa mwani, ambamo mgeni hupakwa mwani na kufunikwa apate joto, nimeandika: "Haipendekezwi kwa wajawazito, wenye matatizo ya presha, mishipa na tezi, na wenye aleji ya samaki wa magamba au karanga." Inasomeka, lakini sina amani nayo. Nirekebishe wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Una haki ya kukosa amani. Katika sentensi hiyo mna maneno matano ambayo mgeni anaweza kuyasoma, akaona hayamhusu, akajilaza kitandani ilhali yeye ndiye aliyekuwa akionywa.

Anza na samaki wa magamba. Kwetu magamba ni yale anayoparuliwa changu kabla ya kutiwa chumvi na ndimu. Kiingereza hapo kilikusudia viumbe wa baharini wenye ganda gumu. Mtu ambaye akila kamba anavimba midomo atasoma sentensi yako na kujiona yuko salama, maana kamba hana magamba. Na mwenye aleji ya changu ataogopa bure. Kiswahili hakina neno moja la mtaani linalowakusanya viumbe hao wote, kwa hiyo usilitafute. Wataje: kamba, kamba kochi, uduvi, kaa, chaza, kombe. Mstari utarefuka kidogo, lakini kila mtu atamwona mnyama anayemjua. Na tahadhari yenyewe ina sababu: mwani huvunwa ukiwa umeng'ang'aniwa na vidudu vidogo vya baharini, na wengi wao ni wa jamii ya kamba.

Karanga nazo niliwahi kuziandika mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, katika kazi ya namna hii hii. Mama mmoja aliyekuwa akikanda wageni ndiye aliyenishtua. Alinionyesha chupa ya mafuta yake akaniuliza, "Haya ni ya lozi. Mgeni akiniambia hali korosho wala lozi, lakini karanga anakula, nimpake au nisimpake?" Kwa maandishi yangu angempaka. Neno la Kiingereza lilikuwa limebeba lozi, korosho na jamaa zake, nami nimelibana likawa karanga peke yake. Tangu siku ile sitafsiri tahadhari ya aleji kabla sijaletewa picha ya lebo za chupa zote zinazotumika katika huduma hiyo. Mafuta ya lozi matamu ni ya kawaida sana kwenye masaji, kwa hiyo yaulizie. Yakiwemo, andika lozi waziwazi, halafu ongeza korosho na karanga kama Kiingereza kimeyakusanya yote.

Tezi itakushangaza zaidi. Mwanamume wa makamo akiona "matatizo ya tezi" moja kwa moja anafikiria tezi dume. Mwanamke mwenye goita anaweza kupita bila kusimama. Menyu inakusudia tezi ya shingoni, kwa sababu mwani una madini joto mengi na tezi hiyo ndiyo inayoyatumia. Andika "tezi ya shingoni (goita)", na kama hoteli imewataja pia wanaomeza dawa zake, wataje. Usilitumie neno madini joto kwenye tahadhari yenyewe. Kwenye pakiti ya chumvi linaeleweka, lakini kwenye menyu ya huduma ya kupashwa moto mtu atadhani ni habari ya joto.

Mishipa ni neno pana mno. Ni njia za damu, ni neva, ni kano, na kwa wazee wengi mshipa ni ngiri. Kiingereza chako, kama ninavyokikisia, kilizungumzia zile njia za damu za miguuni zinazovimba na kujisokota chini ya ngozi hadi zikaonekana za buluu. Basi sema hivyo hivyo: "mishipa ya damu ya miguuni iliyovimba na kujisokota". Mwenye nayo anaiona kila akivaa kanga, na hahitaji kujua jina lake la hospitali.

Presha nimeiacha mpaka sasa makusudi, kwa sababu kosa lake halianzii kwako. Mtu akisema "nina presha" anamaanisha ya kupanda. Ya kushuka lazima aitaje. Sasa fikiria kinachofanyika katika huduma yenyewe. Mgeni anapakwa mwani, anazungushiwa plastiki na blanketi, analala humo kama nusu saa. Mwili unapata joto, mishipa ya damu inatanuka, presha inateremka. Akiinuka ghafla anaona giza. Kwa hiyo mwenye presha ya kushuka yumo hatarini kabisa, na pia anayemeza vidonge vya presha ya kupanda, maana tayari vidonge vinaishusha. Kiingereza kiliposema "matatizo ya presha" kilijificha nyuma ya neno pana, na ukilitafsiri "wenye presha" umewatoa wale wa kushuka. Hapa usiamue mwenyewe. Mwandikie meneja wa spa: "Je, mnakusudia presha ya kupanda, ya kushuka, au zote mbili? Na wanaomeza dawa?" Jibu lake ndilo litakaloingia, na barua pepe hiyo uihifadhi.

Ukiwa unamwandikia, muulize na jambo jingine ambalo halimo kwenye orodha uliyonitumia, nalo ni damu iliyoganda kwenye mguu. Wageni wa hoteli za pwani wengi wanashuka kutoka safari za ndege za saa nyingi, wamekaa bila kunyoosha miguu. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye tumbo la mguu na kuwa na joto kuliko mwenzake, pengine ndani mna bonge la damu, na kuukanda kunaweza kulibandua likapanda hadi kwenye mapafu. Huyo anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo. Kama huduma ya mwani inamalizikia na masaji, na nyingi humalizikia hivyo, tahadhari hii inastahili kuwemo. Lakini mfasiri hachomeki tahadhari kimya kimya, wala hapunguzi. Unaiweka kama swali kwa mteja, naye akikubali inaingia katika lugha zote za menyu, siyo Kiswahili peke yake.

Kisha kuna kitenzi. "Haipendekezwi" ni neno la kiofisi lisilomzuia mtu. Aliyelipia atasema, "Haipendekezwi, lakini mimi niko sawa." "Haifai kwa" nayo ina kasoro yake, kwani jicho la haraka linakamata "kwa wajawazito" na kudhani huduma ni ya wajawazito. Mimi natumia ngazi tatu na sizichanganyi. Panapokatazwa kabisa naandika "asifanyiwe". Panapohitaji ruhusa naandika "asifanyiwe mpaka daktari wake aruhusu". Pale ambapo mhudumu anaweza kurekebisha huduma, mfano kupunguza joto, naandika "amwambie mhudumu kabla ya kuanza". Linganisha kila mstari na nguvu ya Kiingereza chake. Ukikuta chanzo kimewarundika wote chini ya neno moja laini, rudi tena kwa meneja akutenganishie. Mjamzito na kupashwa moto, hasa miezi mitatu ya kwanza, si wa kuwekwa fungu moja na mtu aliyeungua jua begani.

Tuseme meneja amejibu kwamba presha ni zote mbili, mafuta ni ya lozi, swali la mguu amelikubali, amekutenganishia ngazi, na ameongeza mstari wa ngozi. Mimi ningeiandika hivi:

> Kufungwa mwani
>
> Usifanyiwe huduma hii kama: una mimba au unahisi unayo, una aleji ya kamba, kamba kochi, uduvi, kaa, chaza au kombe, una aleji ya lozi, korosho au karanga (tunatumia mafuta ya lozi), mguu wako mmoja umevimba na unauma, hata kama umetoka tu safarini. Mwenye mguu wa hivyo amwone daktari leo.
>
> Usifanyiwe mpaka daktari wako aruhusu kama: una presha ya kupanda au ya kushuka, au unameza dawa za presha, una ugonjwa wa tezi ya shingoni (goita).
>
> Mwambie mhudumu kabla ya kuanza kama: una mishipa ya damu ya miguuni iliyovimba na kujisokota, ngozi yako ina kidonda, imeungua jua, au umenyoa leo.

Angalia kwamba nimemgeukia msomaji nikamwita "wewe". Katika fomu ya afya ya mapokezi hata hivyo, ambako mhudumu ndiye anayesoma na kumuuliza mgeni, geuza iwe maswali: "Una mimba au unahisi unayo?" Nimeongeza "au unahisi unayo" kwa kuwa Kiingereza cha menyu nyingi kinayo maana hiyo. Chako kama hakina, iombee ruhusa kama ile ya mguu.

Juu ya tahadhari, kwenye maelezo ya kuvutia, chunga neno moja tu: kutibu. Kiingereza kikisema huduma inalainisha ngozi au inapunguza uchovu, usiipandishe ikawa "hutibu ngozi". Mwenye ukurutu atakuja kwa ajili ya dawa, na chumvi ya mwani inaweza kumwasha vibaya.

Ukimaliza, usimpe mtu akusomee kisarufi tu. Kaa na mhudumu mmoja wa pale spa, mfiche Kiingereza, mpe Kiswahili chako, umpe wageni wa kubuni. Mama ana goita, anakula vidonge. Kijana hali kaa. Mzee presha yake hushuka akisimama. Binti amefika jana kwa ndege, mguu wa kushoto umevimba. Muulize kila mmoja atamfanyaje. Akisita au akijibu tofauti na meneja, usimweleze. Chukua kalamu urekebishe sentensi, kisha umjaribu mhudumu mwingine ambaye hajaiona. Menyu yote ya huduma kumi itakuchukua asubuhi moja, na saa hizo ziweke kwenye ankara yako tangu mwanzo, zikiwa na mstari wake.