Sh60,000 za miwa ziingie wapi: kusoma jedwali la marejesho ya mkopo

Ukianza kazi kwenye dawati la mikopo Kisumu, swali litakalokujia mara nyingi ni hili: "Nimelipa mwaka mzima, mbona deni halijashuka sana?" Jibu limo kwenye jedwali la marejesho, na ni lazima uweze kulijenga kwa mkono wako kabla ya kuiamini mashine.

Chukua mwalimu wa Muhoroni aliyekopa Sh300,000 kwa miezi 36, riba asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Rejesho la kila mwezi linakatwa kwenye mshahara. Kwenye Excel utalipata hivi:

```
=PMT(1%,36,-300000)
```

Linatoka Sh9,964.29, na halibadiliki mwezi hata mwezi. Kinachobadilika ni mgawanyo wake. Riba huhesabiwa kwanza, kwa salio la mwezi uliotangulia, na kinachobaki ndicho kinachopunguza deni la msingi. Mwezi wa kwanza riba ni asilimia 1 ya 300,000, yaani 3,000. Msingi unapungua kwa 6,964.29, salio linabaki 293,035.71. Mwezi wa pili riba inahesabiwa kwa salio hilo jipya: 2,930.36, na msingi unapata 7,033.93. Endelea hivyo safu kwa safu. Salio la mwisho likikosa kufika sifuri kwa senti chache, ni kwa sababu ya kukadiria senti. Rejesho la 36 hurekebishwa kidogo. Likikosa kwa mamia ya shilingi, kuna safu uliyokosea.

Baada ya marejesho 12 mwalimu ametoa Sh119,571. Kati ya hizo, riba imechukua 31,247, na msingi umeshuka kwa 88,325 tu. Salio ni 211,675. Riba ya mkopo wote ni 58,714, kwa hiyo zaidi ya nusu yake imelipwa katika theluthi ya kwanza ya muda. Hakuna aliyemwibia: salio lilikuwa kubwa, riba ikawa kubwa. Mwonyeshe safu zenyewe, ataelewa haraka kuliko ukimweleza kwa maneno.

Sasa miwa yake imevunwa na kulipwa, na siku ile ile rejesho la 12 lilipoingia amekuja na Sh60,000 za kupunguza mkopo. Hapa ndipo wageni wa kazi hii huharibu, kwa sababu pesa hizo zina njia tatu.

Ya kwanza, zipunguze msingi na rejesho libaki 9,964.29. Salio linakuwa 151,675, na mkopo unaisha kwa marejesho 17 badala ya 24, la mwisho likiwa 5,948 tu. Riba iliyokuwa imebaki, 27,468, inashuka hadi 13,701.

Ya pili, zipunguze msingi lakini muda ubaki miezi 24. Rejesho linashuka hadi 7,139.88, na riba inayobaki ni 19,682. Anaokoa kidogo kuliko njia ya kwanza, ila mshahara unapumua kila mwezi. Mwenye karo ya watoto huenda akaipenda hii, na si kosa. Kosa ni wewe kumchagulia bila kumwuliza. Achague kwa maandishi.

Ya tatu ndiyo mtego: karani anaziingiza kama marejesho yaliyolipwa mapema. Pesa zinakaa zikisubiri kukatwa kila mwezi, salio la msingi haliguswi, na mwalimu haokoi chochote. Hutokea hasa pesa zikitumwa kwa M-Pesa bila maagizo, kwa kuwa mfumo huzichukulia kama rejesho la kawaida.

Utajuaje? Tazama mstari wa riba ya mwezi wa 13. Pesa zikiwa zimeingia kwenye msingi, riba ni 1,516.75. Ukikuta 2,116.75, hazijaingia. Tofauti ni Sh600 kamili, yaani asilimia 1 ya 60,000. Akichelewa siku kumi baada ya rejesho la 12, riba ya siku hizo kwa salio la zamani, karibu Sh706, itakatwa kwanza ikiwa mkataba unahesabu kwa siku. Mwambie mapema asije akashangaa.

Akitaka kumaliza mkopo wote siku ile ile ya rejesho la 12, usimzidishie 9,964.29 mara 24 upate 239,143. Anadaiwa salio, 211,675, pamoja na ada ya kulipa mapema ikiwa imo kwenye mkataba. Riba ya miezi ambayo haijafika haijazaliwa bado.

Yote haya ni ya salio linalopungua. Mkopo wa riba bapa ya asilimia 12 kwa mwaka hutoza 108,000 kwa miaka mitatu, ikihesabiwa kwa Sh300,000 zile zile hadi mwisho, na kila rejesho ni 11,333. Hapo Sh60,000 za miwa hazipunguzi riba hata kidogo, isipokuwa mkataba uwe umeweka punguzo la anayelipa mapema. Ukurasa huo wa mkataba usomwe kabla mzee hajatoa pesa mfukoni.